Sura ya 7: Mazungumzo Ishirini ya Jumatatu

Wenye ofisi ndogo za utalii kule Karatu waliokwisha kuweka roboti ya kujibu wateja kwenye WhatsApp huuliza swali moja: nitajuaje kwamba inasema kweli wakati mimi nimelala?

Kuuliza hivyo ni haki. Karatu inapoingia saa kumi za usiku, mteja wa Los Angeles ndiyo kwanza anatoka kazini, anakaa kitini na kuanza kuuliza bei ya kushuka Ngorongoro. Hapo ofisini hayupo mtu. Anayejibu ni roboti, yaani programu ya akili mnemba inayosoma ujumbe wa mteja na kutunga jibu kwa maneno yake yenyewe. Haichagui jibu lililoandikwa tayari, inalitunga. Ndiyo maana leo inaweza kusema sahihi na kesho, kwa swali lilelile, ikakosea, tena kwa lugha ya adabu na ufasaha uleule.

Kosa la namna hiyo lina mwenyewe. Mwaka 2022 abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa na bibi yake aliuliza roboti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Roboti ilimwambia anaweza kukata tiketi kwanza na kuomba punguzo baadaye, ndani ya siku 90. Utaratibu wa shirika haukuwa hivyo. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, baraza lilikataa hoja kwamba maneno ya roboti si ya shirika, na Februari 2024 likaamuru abiria alipwe dola za Kanada 812 hivi, gharama zikiwemo. Ofisi ya magari matatu pale Karatu haina mawakili wa shirika la ndege, kwa hiyo ni heri ikagundua kosa mapema.

Njia ninayoieleza hapa haihitaji fundi wa kompyuta. Inahitaji watu wawili wanaoijua kazi, karatasi mbili, na kama saa moja na nusu kila Jumatatu asubuhi.

Kwa nini kura, na kwa nini ishirini

Wengi wakitaka kukagua roboti huanza na mazungumzo yaliyoleta malalamiko. Hayo yasomwe, lakini hayatoshi, na sababu yake ndiyo kiini cha sura hii. Mteja aliyepewa bei kubwa isiyo ya kweli halalamiki. Husema asante, akaenda kwa kampuni nyingine. Aliyepewa bei ndogo naye halalamiki, bali hufurahi, mpaka siku anayosimama langoni. Makosa yanayoumiza ofisi zaidi ndiyo yasiyopiga kelele.

Wengine husoma mazungumzo ya mwisho, yaani ya Ijumaa jioni, au yale marefu yanayovutia. Mnunuzi wa vitunguu kule Mang'ola haamui kwa vitunguu vya juu ya gunia, huingiza mkono mpaka chini. Kuingiza mkono huko, kwa upande wetu, ni kupiga kura: kila mazungumzo ya wiki yapate nafasi sawa ya kuchaguliwa, ya usiku na ya mchana, ya Kiswahili na ya Kijerumani, marefu na ya mistari miwili. Mazungumzo yaliyopatikana kwa njia hiyo huitwa sampuli nasibu, maana yake fungu dogo lililochaguliwa na bahati badala ya kuchaguliwa na jicho la mtu.

Kwanza kubalianeni mazungumzo mamoja ni yapi, maana WhatsApp haina mwisho. Kanuni inayofaa ni hii: ujumbe wote wa namba moja ya simu huhesabiwa kuwa mazungumzo mamoja mpaka ukimya uzidi saa 24. Akirudi baada ya hapo, huhesabiwa upya.

Tuseme wiki iliyopita ofisi ilikuwa na mazungumzo 140. Yapangeni kwa namba, 1 hadi 140, kwa jinsi yalivyoingia. Gawanya 140 kwa 20, upate 7. Andika namba 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, mtu mmoja atoe kimoja. Ikitoka 4, mtasoma ya 4, ya 11, ya 18, na kuendelea kwa kuruka saba mpaka ya 137. Yatakuwa ishirini kamili. Mwenye kutumia Excel anaweza kuweka fomula hii mbele ya kila mazungumzo, kisha kunakili namba zilizotokea na kuzibandika kama thamani tupu ili zisibadilike, akapanga safu kwa ukubwa wa namba hizo na kuchukua ishirini za juu:

```
=RAND()
```

Jambo moja halina mjadala: kura ikishatoka, hakuna kubadilisha. Mkisema "haya ni mafupi mno, tuchukue ya jirani", kura imekwisha kufa.

Sasa, ishirini yanatosha? Inategemea mnatafuta nini. Roboti ikiwa inakosea katika mazungumzo kumi kati ya mia, basi kwa kusoma ishirini mna karibu nafasi 88 kati ya 100 za kukutana na kosa moja au zaidi. Ikikosea katika matano kwa mia, nafasi hushuka hadi 64 hivi. Ikikosea katika moja tu kwa mia, nafasi ni 18, yaani wiki nyingi hamtaliona. Ila mkiunganisha wiki nne mnakuwa na mazungumzo 80, na lile kosa la tano kwa mia litakuwa limejitokeza kwa karibu hakika.

Kwa hiyo mkisoma ishirini na kukuta yote safi, msitangaze kwamba roboti haikosei. Kuna hesabu rahisi ya kichwani: gawanya 3 kwa idadi mliyosoma. Tatu kwa ishirini ni asilimia 15. Maana yake, hata baada ya ishirini safi, roboti inaweza kuwa inakosea mara 15 katika mia. Mkifika sitini safi, mpaka huo unashuka hadi asilimia 5.

*Kwa ufupi: kura huonyesha makosa yasiyolalamikiwa. Ishirini kwa wiki hukamata makosa ya mara kwa mara, na makosa ya nadra yanataka njia nyingine nitakayoitaja mbele.*

Karatasi ya kwanza: ukweli wa ofisi

Huwezi kusema jibu ni kosa kama jibu sahihi halijaandikwa popote. Kabla ya ukaguzi wowote, andikeni karatasi ya ukweli, ukurasa mmoja, kila mstari ukiwa na jambo moja, mahali lilipothibitishwa, tarehe, na mtu aliyethibitisha.

Ngorongoro ina mambo ambayo mashine huyachanganya kwa sababu hata vitabu vya wageni huyachanganya. Kwanza, si hifadhi ya taifa. Serengeti iko chini ya TANAPA, wakati Ngorongoro, tangu 1959, ni eneo linalojitegemea ambamo watu na mifugo wanaishi pamoja na wanyamapori, na leo linaendeshwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yenye ada zake yenyewe. Pili, kuna ada mbili tofauti. Ada ya kuingia hulipwa kwa kichwa: kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima mgeni ni dola 60, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 zinakuwa 70.80. Ada ya kushuka krateri hulipwa kwa gari: dola 250, na kodi juu yake zinakuwa 295, wawe wawili garini au sita. Tatu, ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Anayepita kwenda Serengeti na kurudi siku mbili baadaye huilipa upya. Nne, raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kwa kiwango chao.

Nimeweka namba hizi ili uone mstari wa karatasi unavyokuwa. Zako zithibitishe kwa Mamlaka siku unayoziandika, na andika tarehe hiyo.

Karatasi ya pili: maswali sita

Orodha ya ukaguzi ya kwanza ambayo wengi huandika ina swali kama "Je, jibu lilikuwa zuri?" Swali hilo halifai. Mwepesi wa kusifu atasema ndiyo, mkali atasema hapana, na mwisho wa mwezi mtakuwa mmepima tabia za wakaguzi. Swali zuri linauliza kitu kinachoonekana kwenye karatasi, na jibu lake ni ndiyo, hapana, au halihusiki. Yaandikwe yote kwa mwelekeo mmoja, "ndiyo" iwe siku zote ni salama.

1. Je, kila bei, saa, umbali na sharti lililotajwa linalingana na karatasi ya ukweli?
2. Je, swali lenyewe la mteja limejibiwa, badala ya swali linalofanana nalo?
3. Je, jibu limejizuia kuahidi jambo ambalo ni mtu pekee anayeweza kuliahidi, kama kuona faru, chumba cha loji, punguzo, au safari kuwahi?
4. Palipoguswa ugonjwa, usalama, kurudishiwa pesa au malalamiko, je, mteja alikabidhiwa kwa mtu?
5. Je, lugha ya jibu ni lugha aliyoandikia mteja?
6. Je, mteja alijibiwa bila kulazimika kurudia swali lilelile?

Sita yanatosha. Nimeona orodha za maswali ishirini, na kila mara wakaguzi huanza kuweka alama ya ndiyo bila kusoma kuanzia swali la tisa.

Nani awe mkaguzi? Mtu wa mapokezi mmoja na dereva mwongozaji mmoja. Aliyeiandikia roboti maelekezo asikague peke yake, kwa sababu anasoma alichokusudia kabla ya kusoma kilichoandikwa. Dereva, kwa upande wake, analeta kitu ambacho hakuna karatasi inayokibeba chote, na mfano ufuatao utaonyesha.

Wiki ya kwanza wote wawili wasome mazungumzo matano yaleyale, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Matano kwa maswali sita ni majibu 30. Wakitofautiana katika saba na matano kati ya hayo yakawa ya swali la 3, tatizo si watu, ni swali la 3. Liandikwe upya, liongezwe mfano, wajaribu tena.

Jumatatu moja, hatua kwa hatua

Turudi kwenye ofisi yetu ya mfano yenye mazungumzo 140. Kura imetoa 4. Wakaguzi wanachapisha ishirini yao, na kabla ya kusoma neno lolote wanapiga mstari chini ya kila namba. Hatua hii ni ndogo ila ina nguvu. Jibu lililoandikwa vizuri humlaza msomaji, akafika mwisho akiwa ameridhika na adabu yake, na namba mbovu imepita. Ukianza na namba, adabu haijapata nafasi ya kukubembeleza.

Mazungumzo ya 32 ni ya mume na mke kutoka Ulaya. Wanataka kupita Ngorongoro Jumatatu kwenda Serengeti, walale huko siku mbili, warudi Jumatano na kushuka krateri siku hiyohiyo kwa gari moja. Roboti imewaambia ada ya kushuka ni dola 295 kwa kila mtu, na kwamba ada ya kuingia waliyolipa Jumatatu itawatosha hadi Jumatano. Namba 295 ipo kwenye karatasi ya ukweli, na mkaguzi mwenye haraka angeweka ndiyo. Lakini karatasi inasema kwa gari. Wameambiwa 590 mahali pa 295. Na Jumatano saa 24 zimekwisha kupita, kwa hiyo wanadaiwa 70.80 mara mbili, yaani 141.60, ambazo hawakutajiwa. Makosa mawili yanavutana, na jumla waliyopewa imezidi ya kweli kwa dola 153.40. Mazungumzo yanaishia kwa mteja kusema atafikiri. Hakuna lalamiko. Bila kura, ofisi isingejua kamwe kwa nini hakurudi.

Mazungumzo ya 53 ni ya mwalimu wa Dar es Salaam anayepanga ziara ya shule, na ameandika kwa Kiswahili. Roboti imejibu kwa Kiswahili kizuri kwamba lango linafunguliwa "saa 6 asubuhi". Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Mashine imechukua 6 ya saa za Kizungu na kuiacha kama ilivyo. Zaidi ya hapo imempa ada ya mgeni, kwa dola. Swali la 5 lina ndiyo, kwa kuwa lugha ni sahihi, na swali la 1 lina hapana mara mbili.

Mazungumzo ya 88 hayana namba mbovu hata moja. Mteja anatua uwanja wa Kilimanjaro saa nane mchana na anauliza kama anaweza kushuka krateri siku hiyo ili aokoe usiku mmoja. Roboti imesema inawezekana. Dada wa mapokezi ameweka ndiyo kote. Dereva amesimama hapohapo.

"Dada, hii haiwezekani. Kutoka uwanjani hadi Karatu ni karibu kilomita mia mbili, na hapo hujangoja viza na mizigo. Tukifika Lodoare, lango limefungwa."

"Lakini kaka, kwenye karatasi hakuna mstari unaosema hivyo."

"Basi tuuandike."

Swali la 3 likapata hapana, na karatasi ya ukweli ikapata mstari mpya: lango hufungwa saa 12 jioni, na anayetua baada ya asubuhi hashuki krateri siku hiyo.

Mazungumzo matatu kati ya ishirini yana hapana. Kazi sasa ni kuipeleka kila hapana mahali pake. Kosa la 88 lilitokana na karatasi kukosa mstari. Kosa la 53 linatokana na maelekezo ya roboti: anayeisimamia aongeze kwamba majibu ya Kiswahili yatumie saa za Kiswahili, na kwamba iulize uraia kabla ya kutaja ada. Kosa la 32 ni la maelekezo pia: neno "kwa gari" liandikwe pamoja na bei, lisitenganishwe nayo. Kisha, siku hiyohiyo, mtu awapigie simu wateja wote watatu na kuwapa jibu sahihi. Hatua hii ya mwisho huachwa mara nyingi, nayo ndiyo pekee inayomsaidia mteja aliyekwisha kudanganywa.

Namba ya wiki isikutie hofu wala kiburi

Wiki hii ni tatu, wiki ijayo inaweza kuwa tano. Je, roboti imeharibika? Si lazima. Roboti inayokosea kwa uthabiti mara 15 katika mia itatoa, kwa kura za ishirini, makosa kati ya moja na sita karibu kila wiki, bila chochote kubadilika. Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi, mazungumzo 80 kwa 80. Kinachopaswa kukushtua wiki hiyohiyo ni kosa *lilelile* kurudi baada ya kusahihishwa, maana hapo marekebisho hayakushika.

Ishirini hayakamati kosa la nadra lenye hatari. Mgeni aliyeandika kwamba ana homa kali na roboti ikamwambia apumzike, badala ya kumpa mtu wa kumpeleka hospitali, huenda akatokea mara moja kwa msimu. Kwa hayo, kila siku tafuteni maneno machache kwenye mazungumzo yote, kama homa, damu, ajali, pasipoti, kurudishiwa, kwa lugha zote za wateja wenu, na someni yote yatakayotokea. Makosa yake yaandikwe kwenye daftari tofauti. Mkiyachanganya na yale ya kura, hesabu ya mwezi haitakuwa na maana tena, kwa kuwa hayo mliyatafuta.

Hatari nyingine iko kwa wakaguzi wenyewe. Baada ya wiki kadhaa macho huzoea, na karatasi hurudi ndiyo tupu. Kujua kama roboti imepona au wakaguzi wamechoka kuna njia moja ya uhakika: meneja achomeke kimyakimya katika mafungu mazungumzo mawili ya zamani ambayo makosa yake yanajulikana, huku wakaguzi wakijua tangu mwanzo kwamba jambo hilo hufanyika. Wakiyapita yote mawili, wabadilishwe zamu.

Barua za watu

Mteja anayeandika WhatsApp huweka humo picha ya pasipoti, ugonjwa wa mtoto, tarehe atakazokuwa mbali na nyumba yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Kwa ukaguzi huu maana yake ni mambo mepesi: ujumbe wa kwanza wa roboti umwambie mteja kwamba anajibiwa na mashine na kwamba wafanyakazi wanaweza kusoma mazungumzo ili kurekebisha makosa. Anayechapisha afute majina, namba za simu na picha, abakize namba ya mpangilio tu, na orodha ya kuunganisha namba na mteja ikae kwa meneja kwa ajili ya zile simu za kusahihisha. Nakala zikishakaguliwa zichanwe. Kinachohifadhiwa ni karatasi ya alama.

Lini muongeze

Kuna nyakati ambapo ishirini hayatoshi hata kwa kazi yake ya kawaida. Mtoa huduma akibadilisha toleo la roboti, mlichojifunza juu ya toleo la zamani hakihusu tena, hivyo someni arobaini kwa wiki mbili na muanze kuhesabu mwezi upya. Mkibadilisha maelekezo mengi kwa mpigo, fanyeni vivyo hivyo.

Na kila Julai 1, mwaka wa fedha wa serikali unapoanza, ada za hifadhi zinaweza kubadilika, tena wakati huohuo msimu mkubwa wa wageni umeshika kasi na mazungumzo yameongezeka. Wiki hiyo karatasi ya ukweli ithibitishwe mstari kwa mstari kabla ya kura kupigwa. Mkikagua kwa karatasi ya Juni, mtaweka ndiyo kwenye bei za zamani, na roboti na wakaguzi wake watakuwa wamekubaliana juu ya kosa moja.